Pilau Imenukia Kabla ya Kuinjikwa

Ebo! Jamani, hizi simu zitatuumbua. Zamani siri ya mtungi aliijua kata, leo siri ya mtungi inasomwa na kundi zima, kuanzia wavuvi mpaka mashemeji walioko Dar. Hapa Mlingotini wiki nzima kahawa imenyweka kwa habari moja tu, ya mangi wetu na oda ya shangazi.

Shangazi ni mtu wa mwani. Bamvua likifika yumo majini na kamba zake, hana muda wa kusimama dukani, kwa hiyo oda anaiandika kwenye simu: mchele kilo 25, mafuta lita 5, viungo vya pilau, tende, udi. Halafu, masikini, akamwaga moyo. "Yale elfu 46 ya zamani nitalipa tukiuza mwani. Hawa wageni wa binti ni siri, wasijue watu mpaka posa ijibiwe." Mwenye duka unamwambia kama unavyomwambia daktari, ama sivyo?

Mangi akaichukua ilivyo airushe kwa kijana wa bodaboda alete mzigo. Kijana kamwandika "Boda Mlingotini". Kundi la mtaa linaitwa "Mlingotini Yetu". Akatafuta "Mlingo", mteja mwingine anamgongea kaunta anataka vocha, kidole kikatua pasipo pake. Puh! Posa, deni na udi, vyote uwanjani.

Sasa sikilizeni kituko chenyewe. Kwa kiwewe akakimbilia kufuta, akabonyeza kule kwa kujifutia mwenyewe badala ya kuwafutia wote. Yaani kwake ujumbe umetoweka, anapumua, kumbe kwa wenzake umekaa kitako! Ukishajifutia, zile sekunde chache za kutengua zikapita, ujumbe huuoni tena, utaukamata wapi uwafutie wengine? Bahati yake admini wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa yeyote. Akampigia, ukafutwa. Lakini wee, kuna watu wa mtaa huu wanapiga picha ya skrini upesi kuliko wanavyoitikia salamu! Na palipofutwa pakabaki alama ya kufutwa, nayo ikawaamsha hata waliokuwa wamelala. "Kulikuwa na nini? Nani kauona?" Mmoja keshapiga hesabu: kilo 25 ni wageni wangapi hao?

Angekuwa mangi mwingine angenyamaza, au angesema simu ina virusi. Huyu alifunga duka mchana kweupe akateremka ufukweni, akangoja maji yajae shangazi atoke. Sikuamini macho yangu. Akamwamkia, akamweleza yote: kilichovuja ni vitu, deni na habari ya wageni, kimekaa kama robo saa, na waliokiona hawezi kuwajua wote. "Kosa ni langu, shangazi. Nimefuta, lakini siwezi kuapa kwamba kimeisha." Hapo ndipo nilipomvulia kofia, maana angemwambia "usijali, nimeshafuta", picha ingekuja kumrudia shangazi jioni, na mangi angekuwa mwongo juu ya kuwa mzembe.

Shangazi alisonya msonyo mrefu, nusu ya ufukwe iligeuka. Mangi akataka kumsamehe lile deni. Akakatwa kauli: "Deni langu nitalilipa mwenyewe. Unaninunua?" Wallahi ana haki. Alichotaka ni kimoja, kundini yasitajwe majina wala wageni. Mangi akaandika mbele yake, akamsomea kabla ya kutuma: "Ujumbe wa duka wa asubuhi ni kosa langu. Ni habari ya mteja. Mwenye nakala aifute, asiirushe."

Mzee mmoja hapa kijiweni anakumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na kwamba ulichopewa kwa kazi ya mzigo ukitumie kwa mzigo. Ni kweli. Lakini bodaboda alihitaji nini pale? Vitu na nyumba ya kupeleka. Deni la nini? Posa ya nini? Siku hizi mangi harushi ujumbe wa mteja, anauandika upya kwa kijana, vitu na mahali basi. Madeni ya mali kauli yamerudi kwenye daftari. Na yale majina mawili kayatenganisha, kijana sasa ni "Pikipiki".

Shangazi hakulainika upesi. Kwa muda mrefu alituma mtoto na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimefungwa kwa uzi wa kamba ya mwani. Mangi anakisoma, anapima, anamrudishia mtoto kikaratasi chake pamoja na chenji, bila neno. Jana ndiyo simu yake ikalia, mangi akatuonyesha uso tu, ujumbe hakutuonyesha, ingawa tulivuta shingo kama twiga. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetuambia alichoandika, akipita na ndoo yake: "Nimemwambia sukari kilo 2. Na kabla hujamtumia mtu, nipigie unisomee jina lake kwa sauti."