Elfu Sita Zilizokaa na Pesa za Chai

Mwalimu mmoja wa hesabu anaishi Makongeni, Thika, na kila alfajiri hupanda matatu hadi shule ya kibinafsi huko Ruiru. Hapo huwatoa jasho watoto wanaoandika jibu bila kuonyesha njia. Mwaka mzima wa 2025 mwenyewe alipokea mshahara bila kukagua njia ya mtu yeyote.

P9 yake ilipofika mapema 2026, aliitazama jumla ya chini, akaridhika, akaikunja. Aliifungua tena kwa sababu mwenzake wa somo la dini alikuwa akijisifu kwamba pensheni imempunguzia ushuru. Mshahara wao ni sawa, makato yao ni sawa. Imekuwaje yeye abarikiwe peke yake?

Jibu lilikuwa kwenye safu ya E2, panapoandikwa michango halisi ya uzeeni. Kama pangekuwa na sifuri, hata mtu mwenye usingizi angeshtuka. Lakini palikuwa na namba nzuri kabisa: 2,160 Januari, kisha 4,320 kila mwezi hadi Desemba. Hiyo ni NSSF, ambayo kiwango chake cha juu kilipanda Februari 2025. Shilingi 6,000 alizokatwa kila mwezi kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa shule hazikuonekana popote.

Alizikuta kwenye hati zake za mshahara, chini kabisa, katika kundi la "makato mengine", kati ya hisa za Sacco na mchango wa chai ya walimu. Yaani mfumo wa mishahara ulikuwa ukihesabu ushuru kwanza, kisha ndipo unakata pensheni, kana kwamba kuweka akiba ya uzeeni na kununua mandazi ni jambo moja.

Akachukua kalamu nyekundu. Sheria inaruhusu kutoa kwenye mapato yanayotozwa ushuru kiasi kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: asilimia 30 ya mshahara, michango halisi, au shilingi 30,000 kwa mwezi (kikomo kilikuwa 20,000 hadi sheria ilipobadilishwa Desemba 2024). Kwa mshahara wake wa 80,000, asilimia 30 ni 24,000. Michango halisi, NSSF ikiwemo, ni 10,320. Kwa hiyo 10,320 yote ilistahili kutolewa. Sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, na 6,000 zile zilikuwa humo, hivyo alilipa 1,800 za ziada kila mwezi. Mwaka mzima, 21,600.

Ushauri wa chumba cha walimu ulikuwa mfupi: ajaze tu namba sahihi kwenye iTax. Ubaya wake ni kwamba KRA ina ritani za P10 ambazo mwajiri hupeleka kila mwezi. Mwalimu akiandika michango ya mwaka kuwa 121,680 huku mwajiri ameandika 49,680, ndiye atakayeitwa kujieleza.

Akaenda kwa mhasibu.

"Mwalimu, pesa zako ziko salama kwenye mfuko."

"Najua, Madam. Ninayoulizia ni ile iliyokwenda kwa serikali."

"Hiyo basi uliza KRA."

Kwenye Huduma Centre ya Thika alisikilizwa vizuri, kisha akarudishwa Ruiru: mwenye kurekebisha P10 ni aliyeipeleka. Safari hii mwalimu aliandika barua, na kwa mazoea akaweka alama za pembeni. Aliambatisha hati za mshahara na taarifa ya mwanachama kutoka kwenye mfuko, inayoonyesha kila 6,000 ilivyoingia. Karatasi hii ya pili ndiyo yenye uzito, maana kukatwa hakuthibitishi kwamba pesa zilifika. Zingekuwa hazikufika, kesi ingekuwa ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, na chungu zaidi.

Aliomba pensheni ihamishwe ili itolewe kabla ya ushuru kuhesabiwa, P10 za miezi yote 12 zirekebishwe, na P9 mpya itolewe. Akapigia mstari ombi moja: PAYE iliyokatwa ibaki kama ilivyo kwenye P9, kwa kuwa pesa hizo zilishakwenda. Ikipunguzwa, karatasi zitalingana vizuri na hatakuwa na ziada ya kudai. Akakumbusha pia kwamba tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri mwenyewe kuweka mapunguzo yote anayostahili mfanyakazi.

P9 mpya ilipotoka, alijaza ritani kabla ya 30 Juni, ziada ikajitokeza, akaomba kurudishiwa kupitia iTax. Hata aliyechelewa kugundua ana miaka 5 tangu alipolipa. Pesa bado hajaziona, na KRA imeshamwomba ile taarifa ya mfuko.

Na yule wa somo la dini? Yeye aliajiriwa baadaye, akaingizwa kwenye mfumo na karani mwingine. Mhasibu aliyagundua hayo alipokuwa akipitia orodha nzima, na humo akakuta pia jina lake mwenyewe, 6,000 zake zikiwa zimetulia chini ya pesa za chai. P10 zilirekebishwa wiki hiyo hiyo.