Kuku Hawana Mwisho wa Mwezi

Mtu anayetaka kukodi kirikuu ahamishe vyombo huanza na maneno yaleyale: "Kaka, ni vitu vichache tu." Nimeyasikia Tandika, nimeyasikia Mwananyamala, nimeyasikia kwa watu wazima wenye heshima zao. Vitu vichache maana yake ni kitanda cha mninga ambacho fundi alikigongelea misumari humohumo chumbani, kochi la kona, friji lenye nyama ndani kwa kuwa "tunafika sasa hivi," mapipa ya maji, na jogoo. Jogoo hatajwi kwenye simu kamwe.

Kirikuu yangu ni Suzuki Carry, injini ya cc 660, na huko Japani ilikotengenezwa imepimiwa kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji. Waambie hivyo vijana wa duka la vifaa vya ujenzi, watacheka mpaka washike ukuta. Wao hupakia 20, wakarudi nyuma hatua mbili kuitazama, halafu wakauliza kama nafasi ya mabati ipo. Na gari litaondoka kweli, hapo ndipo watu wanapodanganyika. Litaondoka pua ikiwa juu, taa zikimulika minazi badala ya barabara, na usukani mwepesi kupita kiasi kwa sababu magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa adabu tu. Isitoshe, injini ya Carry iko chini ya kiti, kwa hiyo anayekalia kiti ndiye geji ya kwanza ya joto. Ukiona utingo wako ananyanyua paja moja, kisha la pili, usimuulize ana nini. Simama, subiri ipoe, ndipo ufungue maji, la sivyo wiki ijayo utakuwa kwa fundi unanunua gasketi.

Nilianza na uhamishaji kama wengi wetu, kwa sababu ndiyo kazi inayokufuata kijiweni bila kuitafuta. Hela yake ikitajwa inapendeza. Siku moja nilipatana na dada mmoja shilingi 60,000 kutoka Tandika hadi Tegeta, saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne tulikuwa tumemaliza kupakia, jogoo akiwa mapajani mwa utingo, ndipo mwenye nyumba akatokea na kiti cha plastiki. Hakupiga kelele. Alikiweka mbele ya bampa, akaketi, akafungua gazeti.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Tunaomba njia."

"Marahaba mwanangu. Njia ipo. Kodi ya miezi miwili ndiyo haipo."

Kikao kiliitishwa papo hapo. Akaja mjumbe, akaja shangazi wa mteja, akaja jirani ambaye hakuna aliyemwita lakini ndiye aliyezungumza kuliko wote. Mchana friji lilianza kuchuruzika maji mekundu kwenye ubao wa gari langu. Tulitoka saa kumi, tukaingia kwenye foleni, tukafika Tegeta usiku, na mlango wa nyumba mpya ukakataa kitanda cha mninga. Yule dada alikuwa mwungwana, alinilipa. Lakini siku nzima ilikwisha kwa safari moja, na kutoka Tegeta nilirudi mtupu nikichoma mafuta yangu mwenyewe. Kazi ya aina hiyo huja kwa kishindo mwisho wa mwezi, kisha kijiwe kizima mnakaa wiki mbili mkicheza drafti.

Aliyenifumbua macho ni muuza chakula cha kuku wa Buguruni. Nilikuwa nimekwenda pale kumpelekea kabati. Akaniuliza kwa nini nahangaika na watu wanaohama mara moja kwa miaka kadhaa, wakati dukani kwake wanakuja watu wale wale kila wiki wakitafuta usafiri. "Kuku hawana mwisho wa mwezi," akasema. "Wanakula leo, wanakula kesho, na Idi wanakula."

Akanipeleka kwa mama mmoja wa Chanika mwenye kuku wa mayai 400, na hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa. Kuku wa mayai anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 400 wanamaliza kilo 48, yaani karibu gunia zima la kilo 50. Kwa wiki ni magunia 7, ambayo ni kilo 350 kamili, mzigo uleule Wajapani walioniandikia. Sikuamini. Nilipiga hesabu ile mara ya pili nyuma ya pakiti ya sigara ya utingo.

Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye kurudi. Kundi linalotaga vizuri hutoa mayai kama 80 kwa kila kuku 100 kwa siku. Kwa yule mama ni mayai 320, zaidi kidogo ya trei 10, na kwa wiki trei kama 75. Trei ya mayai 30 ina uzito wa kilo mbili hivi, kwa hiyo trei zote 75 ni kama kilo 150 na gari halilalamiki. Mayai hayo yanahitajika mjini, kulekule ninakorudi. Tukapatana 2,500 kwa gunia kwenda na 300 kwa trei kurudi: 17,500 na 22,500, jumla 40,000. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60. Kirikuu ikipewa mzigo wake halali naihesabia kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo lita 5, na mafuta nayakadiria 3,000 kwa lita ili nisijidanganye. Toa 15,000 ya mafuta na 5,000 ya utingo, zinabaki 20,000, na saa sita mchana nimekwishamaliza. Ni ndogo kuliko 60,000 ya Tegeta. Lakini naijua tangu Jumapili, na mbele ya bampa hakai mtu.

Nikaongeza wafugaji wengine njia hiyohiyo, kila mmoja na siku yake. Mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia akae mlango wa duka la chakula cha mifugo asubuhi kuliko kukaa kijiweni. Mwenye duka anajua nani ananunua magunia mangapi na nani ana madeni. Hilo la pili ulizia kwanza.

Msidhani kuku hawana vituko. Safari ya kwanza ya mayai, utingo alizipanga trei nyuma kabisa, karibu na mlango, ili "kushusha iwe rahisi." Nyuma ya ekseli ndipo gari linaporusha zaidi kwenye mashimo. Tulipofika, trei za mwisho zilikuwa zimeanza kuwa kiwanda cha keki. Trei hukaa mbele, zikiegemea kabini, zimebanana zisicheze, na turubai juu kuzuia jua. Tukakubaliana na mama kuwa yai lenye ufa ni lake na yai lililomwagika ni langu. Yenye ufa huyauza kwa bei ya chini kwa kijana wa chipsi mayai, ambaye kila akituona tunapita taratibu bila kurushwa uso wake unasononeka.

Mvua nayo ina kesi zake. Gunia la chakula likilowa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Kuku wanapunguza kutaga na mtu wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Kwa hiyo turubai lisilovuja ni la lazima kuliko redio, ingawa utingo wangu ana maoni tofauti.

Kisha ni suala la geti. Mama yule ana dishi la maji ya dawa mlangoni na gari haliingii ndani. Mwanzoni niliona ni maringo. Kumbe mdondo unaweza kusafiri kwa matairi, kwa viatu na hasa kwa trei za karatasi zinazozunguka kutoka banda hadi banda, na mimi ndiye ninayetoka kwa jirani yake. Sasa kila mfugaji ana trei zake za plastiki zenye alama, zinaoshwa, na nimekataa kubeba samadi kwenye gari linalobeba chakula. Jamaa wa kijiweni hakukataa. Alibeba samadi ya kuku Ijumaa, na Jumamosi akabeba zawadi za harusi. Inasemekana bibi harusi alilia kabla ya wakati wake.

Lakini kanuni kubwa ya biashara hii hakuniambia mtu, na ndiyo inayowaangusha wengi: ulizeni umri wa kuku. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki kama 18 hadi 20, na akifika wiki 72 hadi 80 wafugaji wengi humuuza kwa nyama. Ukipatana nauli na mtu ambaye kuku wake wana wiki 70, umeposa mchumba mwenye tiketi ya ndege mkononi. Banda litauzwa, vifaranga wataletwa, nao wanakula kidogo na hawana cha kukupa urudi nacho kwa miezi minne au zaidi. Dawa yake ni kuwa na wafugaji ambao makundi yao hayalingani umri, mmoja akiuza mwingine anaanza kuokota. Sasa nikipelekwa kwa mfugaji mpya, baada ya shikamoo nauliza, "Mama, kuku wako wana wiki ngapi?" Baadhi hunitazama kama daktari wa mifugo. Mmoja aliniletea aliyezimia nimtibu.

Yule mama wa Chanika alipouza kundi lake, nilijikuta nikirudi mtupu siku ya Jumatano. Nikatafuta mzigo wa kuziba pengo na nikampata mzee mwenye shamba la mihogo upande wa Kisarawe. Mihogo haina ufa, haina umri, na haitishwi na mashimo. Tulipakia viroba vyake, tukafunga kamba, akasogea kutaka kupanda juu ya mzigo.

"Hapana baba. Abiria juu ya mzigo, trafiki ananiandikia 30,000."

"Basi nitakaa mbele."

"Karibu. Utingo atapanda daladala."

"Na mama yako?" Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba kwapani.

Nikamwonyesha: viti viwili, kimoja changu. Mzee akatazama kiti, akamtazama mkewe, akatazama viroba vyake.

"Aende yeye," akasema, akivua kofia. "Mimi nikienda, nitawauzia wanunuzi kwa bei wanayotaka wao."