Basi la Mokowe Halingoji Dua ya Mtangazaji

Mchwii! Tangazo lile la Maulidi ya Lamu mmelisikia? Redio ya muuza kahawa ililipiga mara tatu mchana kutwa, nasi kijiweni tukawa tumeinama, vikombe mkononi, tukingoja la maana. Tulimsikia mgeni rasmi na vyeo vyake vyote, tukawasikia wafadhili na kaswida nyuma yao, na sauti ya kijana inatetema kama anayetaka kulia. Siku gani? "Usiku wa Ijumaa." Wapi? "Riyadha." Lini? "Wiki ijayo." Kisha likaingia tangazo la sabuni.

Basi pale pale ugomvi. Kijana wa tuktuk akasema vizuri, Ijumaa akifunga kazi jioni atakwenda. Ami yetu wa kahawa chungu akasonya. "Ijumaa ukifunga kazi, wenzako wako njiani warudi!" Kwa wazee wa pwani siku huingia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ndio huu unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kijana kalelewa na saa ya simu; kwake usiku wa Ijumaa unakuja baada ya Ijumaa. Hakuna mwenye makosa kati ya hao wawili. Mwenye makosa ni aliyeandika maneno yanayosikika kwa siku mbili mbalimbali na asiongeze neno moja la kuyafunga. "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa." Hapo mzee na kijana wanapanda basi moja.

Na maulidi yenyewe ni ya Lamu, si ya mtaa wa pili. Mtu wa bara akisikia "Maulidi" anafungua kalenda, anaona tarehe 12 Mfungo Sita, anafunga safari. Lamu hawako siku hiyo. Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, kilele chake ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, miji mingine ikiwa imekwisha kusoma ya kwao. Na kwa kuwa mwezi wenyewe huandama kwa macho, tarehe ya Kizungu haitabiriki mwaka mmoja kabla. Ndiyo sababu jina la siku lazima liende sambamba na tarehe. Ukisikia "Alhamisi tarehe 24", moja ikikuponyoka nyingine inakushika, na mwandishi akikosea tarehe, jina la siku linamfichua.

"Wiki ijayo" ndiyo iliyoniudhi zaidi. Tangazo limerekodiwa siku moja, linapigwa siku nne au tano. Aliyelisikia Ijumaa na aliyelisikia Jumatatu wana wiki ijayo mbili. Kwenye tangazo la kurekodi hakuna leo, hakuna kesho, hakuna wiki ijayo. Wahariri wa redio wanalijua hilo tangu zama za kanda, lakini nani anawauliza?

Saa nayo. Barua ya waandalizi huja imeandikwa kwa Kiingereza, saa 8 za jioni ya kizungu, na mtangazaji aliyechoka anaisoma "saa nane usiku". Saa nane ya usiku watu wamelala, mji umezima! Ni saa mbili. Dawa yake rahisi ni kuifunga saa kwenye sala. Lamu iko karibu na ikweta, Isha haihamihami sana mwaka mzima, iko kwenye saa moja na robo hadi saa mbili kasorobo hivi. Ukisema "saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha", hata kama ulimi umeteleza kwenye saa, sala inamwokoa msikilizaji.

Lakini hayo yote ni nusu. Nusu iliyobaki ni usafiri, na hapa ndipo wanaponitia hasira. Tangazo linasema "karibuni nyote Lamu" kana kwamba matatu ya Lamu inasimama Buxton. Lamu ni kisiwa, jamani. Basi kutoka Mombasa linapita Malindi, Garsen, Witu, Hindi, na linaishia Mokowe, kwenye gati, bara. Kisiwani halifiki. Pale unashuka na mzigo wako, unalipa boti mbali na tiketi ya basi, unavuka. Anayekwenda kwa ndege naye hashuki Lamu, anashuka Manda, na kutoka hapo ni boti vile vile. Mgeni asiyejua hilo amehesabu nauli ya basi tu, amefika Mokowe mfuko mtupu.

Na amefika saa ngapi? Safari ni ya mchana mzima. Barabara ile kwa miaka mingi imekuwa na vizuizi vya ukaguzi na misafara ya kusindikizwa na askari, na mvua ikizidi, mto Tana hufurika upande wa Gamba na kuikata njia kabisa, kama ilivyotokea mwisho wa mwaka 2023. Basi la asubuhi likikwama kwa saa mbili, bado linafika jua liko juu. Basi la mchana likikwama kwa saa mbili, limemfikisha mama na watoto Mokowe gizani, boti zimefungwa kamba. Tangazo lisiloweka maneno "panda basi la asubuhi" limemlaza mtu gatini.

Kwa hiyo tukaliandika wenyewe, juu ya karatasi ya kufungia kashata. Tuseme Alhamisi ya mwisho imeangukia tarehe 24. Redioni huwezi kurudisha ukurasa, na mwenye kusikiliza yuko jikoni anakaanga mahamri, kwa hiyo kila jambo zito limesemwa mara mbili:

"Assalaam alaykum. Maulidi ya Lamu, Msikiti wa Riyadha, yanaanza Jumatatu tarehe 21 na kumalizika Ijumaa tarehe 25. Usiku mkubwa ni Alhamisi tarehe 24, kuamkia Ijumaa. Kisomo kinaanza saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha. Ukitoka Mombasa, panda basi la asubuhi, ufike Mokowe kabla ya magharibi. Basi linaishia Mokowe. Hapo panda boti mpaka gati ya mji wa Lamu. Nauli ya boti ni mbali na tiketi ya basi. Ukishuka, uliza Riyadha, upande wa Langoni. Kama huna pa kulala, piga simu kabla hujaondoka nyumbani. Narudia: Alhamisi tarehe 24, kuamkia Ijumaa, saa mbili usiku, Riyadha, Lamu. Basi la asubuhi, boti Mokowe. Chukua kalamu, nambari ya simu ni..."

Nambari inasomwa polepole, tarakimu tatu tatu, mara mbili. Ami alilisoma kwa sauti huku kijana akishika saa ya simu yake: dakika moja na kidogo. Kidogo hicho mtangazaji atakikata, na tunajua atakata wapi, atakata boti! Basi akate salamu za wafadhili kwenye tangazo linalofuata. Mbio za punda na mashindano ya majahazi, watu wakishafika watayaona wenyewe, hayahitaji redio.

Waandalizi mnaosoma hapa: kabla ya kupeleka karatasi studioni, mpigieni kwanza karani wa basi na nahodha mmoja wa Mokowe, muwaulize basi la mwisho na boti ya mwisho ni saa ngapi siku hiyo. Halafu ndio mmtafute mgeni rasmi.