Shangazi Ajibu: Kaunta Buku Juu ya Kabati

Barua ya kwanza wiki hii imetoka Morogoro, na mwenyewe amejiita Nimeumbuka. Ni mama wa watoto watatu. Akipangua sanduku lake la bati la shule, alikuta kaunta buku ya mwaka 2003, alipokuwa bwenini, kidato cha pili. Mbele kuna noti za baiolojia. Ukiigeuza juu chini, unaikuta shajara.

“Shangazi,” analalamika, “humu nimeapa mara nne kuwa nitakufa, na mara tatu ni kwa ajili ya mvulana aliyeazima kalamu yangu kwenye mdahalo asiirudishe. Nataka kuandika makala kuhusu huyo binti niliyekuwa, lakini nikisoma kurasa mbili natamani ardhi ipasuke. Nimeificha juu ya kabati. Je, niisahihishe kidogo kwanza?”

Shangazi, ambaye kwa umbea hajambo, alitaka kwanza kujua habari za mara ya nne. Aliandika kuuliza, na jibu limo hapa chini.

Kuhusu kusahihisha, alimkumbusha Nimeumbuka kwamba kuna binti aliyepatwa na haya hizo hizo akiwa na miaka 14 tu. Anne Frank alipewa shajara tarehe 12 Juni 1942, siku aliyotimiza miaka 13, na wiki chache baadaye familia yake ikajificha jijini Amsterdam ili Wanazi wasiwakamate. Januari 1944 alirudi kusoma aliyoyaandika Novemba 1942, na uso ukamwiva. Alishangaa jinsi alivyokuwa mtoto, na jinsi alivyotaja mambo ya mwili bila staha. Hakuchana ukurasa. Aliongeza maelezo mapya chini ya yale ya zamani, akayawekea tarehe ya siku hiyo.

Na katika maelezo hayo hakujicheka tu. Alisema anaielewa bado ile hamu ya kumwona Moortje, paka wake aliyeachwa nyumbani, na kwamba muda wote wa kujificha alikuwa na kiu ya kupendwa na kuaminiwa. Yaani alisoma manung’uniko ya mtoto, akaona kilichokuwa kikimuuma.

Miezi michache baadaye, waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London aliwaomba wananchi redioni watunze shajara zao. Mwezi Mei 1944, Anne akaanza kuiandika upya yake ili siku moja iwe kitabu. Hapo ndipo aliposahihisha kwelikweli: alipunguza, akaongeza, akawabadilisha watu majina. Daktari wa meno aliyelala naye chumba kimoja, na ambaye hawakupatana, alimwita Dussel, jina linalokaribia “mpumbavu” kwa Kijerumani. Lakini kazi hiyo aliifanya kwenye karatasi nyingine. Shajara ya kwanza ilibaki na makosa yake.

Kwa hiyo Shangazi alimwagiza Nimeumbuka anunue daftari jipya. Anakili sentensi moja ya yule binti kama ilivyo, pamoja na Kiingereza chake cha kubahatisha, kisha aweke tarehe ya leo na amjibu. Makala ikiisha, aitazame: kama kila aya ni kichekesho na hakuna hata moja inayosema binti yule alikuwa anataka nini, basi amemfanya mwanasesere. Na yule mvulana wa kalamu apewe jina lingine. Huenda sasa ni baba wa heshima.

Barua ya pili ni fupi. Mzee wa Mombasa anauliza kama abandike karatasi juu ya kurasa fulani kabla wanawe hawajazisoma. Mzee wangu, Anne naye alifunika kurasa mbili kwa karatasi ya kaki. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba walizimulika kwa nyuma, wakazipiga picha na kusoma yaliyomo, pamoja na vichekesho vinne vya matusi. Gundi yako haina ubavu huo.

Tuirudie ile mara ya nne. Nimeumbuka ameinakili. Imeandikwa kwa penseli, mstari mmoja, chini ya moyo uliochomwa mshale kwa kalamu nyekundu: siku ya wazazi mama hakuja, nimekaa langoni mpaka saa kumi na moja, bora nife. Anasema alikuwa ameusahau kabisa, maana mshale ulimchekesha akafunua ukurasa.

Chini yake, kwenye daftari jipya, ameandika tarehe, halafu: “Basi liliharibika Chalinze. Karanga alizokukaangia aliwagawia abiria, na aliponisimulia mwaka juzi bado alikuwa anaomba radhi.”