Sababu Yenye Uzito wa Kilo Nne na Robo

Fundi wa hapa Kisaka akimpigia mteja simu kabla ya siku ya kukabidhi kazi, mteja anajua moja kwa moja kwamba kuna mtu amefariki. Ndivyo tulivyowazoesha. Mashangazi wa mafundi wamezikwa mara nyingi kuliko idadi yao, watoto wetu huugua kila mwisho wa mwezi, na umeme hukatika hata kwenye karakana ambazo hazijawahi kuvutiwa waya. Sasa mimi nimepata sababu ya kweli, sababu yenye uzito wa kilo nne na robo, na hakuna wa kuniamini.

Kazi yenyewe ni milango minne ya paneli ya mwalimu mmoja mstaafu anayemalizia nyumba yake. Tulikubaliana nimkabidhi Ijumaa, tarehe 27 Juni. Kianzio alitoa, nikaagiza mbao za paini: mbili kwa sita za kuzungushia mlango, na moja kwa kumi za kukata paneli. Muuzaji, jina lake namtunzia, aliapa kwa mama yake kwamba zimekauka. Paini nyingi ya nchi hii inatoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na ukiifikiria safari ndefu hivyo hadi Mara unaona hata upepo wa barabarani ungetosha kuikausha. Lakini mbao zikipasuliwa leo, zikafungwa bunda kesho na kubanana juu ya lori, zinashuka na maji yao yote, kama zilivyopanda.

Nilizijua nilipopitisha randa mara ya kwanza. Maranda ya mbao kavu huvunjika na kulia chini ya kiatu. Haya yalitoka marefu, laini, baridi, ukiyaweka shavuni unapata nafuu ya joto. Msasa uliziba. Ubao mmoja ulikuwa na michirizi ya buluu, ule ukungu unaopenda paini yenye maji.

Najua kuna fundi atasema, "Mura, wewe randa tu, zitakaukia mlangoni." Zitakauka, ndiyo, na hapo ndipo balaa lilipo. Mbao ikikauka haifupiki kwa urefu wake, inapungua upana. Mbili kwa sita ikiwa mbichi kama hizi hupungua kiasi cha milimita nne kabla ya kutulia ndani ya nyumba. Mlango una mbao mbili za namna hiyo, moja kila upande, kwa hiyo mlango mzima unapungua milimita nane hivi. Ongeza ile nafasi ndogo uliyoiacha ili mlango usikwaruze fremu. Ulimi wa kitasa huwa unatoka milimita kumi na kitu tu. Mwenye nyumba anafunga mlango usiku, anazungusha ufunguo, anasikia "ka", anakwenda kulala, na ulimi wa kitasa umening'inia hewani bila kugusa fremu. Paneli nayo, kama umeigongomea misumari isiweze kucheza, inapasuka katikati, na wajukuu wanapata tundu la kuchungulia wageni.

Kwa hiyo nilihitaji muda, na nilitaka kuomba muda kwa hesabu. Nilikata kipande cha ubao mbali na ncha, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Tatizo lilikuwa mizani. Gramu mbili tatu ndizo zinazoamua, na mizani ya duka la jirani haizitambui. Huku kwetu Mungu ametuweka karibu na Nyamongo, hivyo nilimwendea mnunuzi mmoja wa dhahabu anayepima vumbi la watu. Alikitazama kipande changu cha paini juu ya mizani yake, akaniuliza nimekitoa shimo gani.

Gramu 85. Nikarudi nacho nyumbani, nikakioka kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, makaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko, moto wa kukausha na si wa kuunguza. Mke wangu alipita, akafunua, akafunika, hakusema kitu, na ukimya wa namna hiyo una bei yake. Nilikitoa, nikapima, nikakirudisha, hadi uzito ukakataa kushuka zaidi. Gramu 68. Maji yalikuwa gramu 17, na 17 kwa 68 ni robo kamili, yaani asilimia 25. Mlango wa ndani unataka mbao yenye asilimia 13 hivi kwa hali ya hewa yetu.

Baada ya hapo sufuria haihitajiki tena. Nilichagua ubao mmoja wa urefu wa mita moja kutoka bunda lilelile, nikaupima dukani: kilo 4.50. Kama maji ni robo ya uzito mkavu, ukiwa mkavu kabisa ungekuwa na kilo 3.60, na ukibaki na asilimia 13 utakuwa kilo 4.07. Hiyo ndiyo namba ninayoingoja. Wiki ya kwanza ulipoteza gramu 140, ya pili gramu 110. Tarehe 14 Juni ulisoma 4.25, nikashika simu.

Hapa nilisita, nakiri, kwa sababu ya lugha. Sisi mafundi tuna ile sentensi yetu, "kuna changamoto kidogo imejitokeza, nivumilie kidogo." Vidogo viwili ndani ya sentensi moja, na mteja anaelewa ni miezi miwili. Niliamua kuandika ujumbe wenye mambo yote, ili asiweze kuniuliza swali ambalo sijalijibu:

"Shikamoo Mwalimu. Milango haitakuwa tayari tarehe 27 Juni. Mbao zimekuja mbichi, nikizitumia hivi milango itapungua na vitasa havitashika. Nimezipanga zikauke, nazipima kila Jumamosi, karibu uone mwenyewe. Zitafikia kiwango tarehe 5 Julai. Milango yote minne naileta na kuifunga Jumamosi tarehe 2 Agosti. Fremu ni za mninga mkavu, ziko tayari, nazileta Jumamosi ijayo tarehe 21 ili fundi wa plasta asisimame. Pesa yako ya kianzio yote imekwenda kwenye mbao, risiti ninayo. Nikipitisha tarehe 2 Agosti, kata shilingi 5,000 kwa kila siku."

Jibu lilikuja baada ya chai: "Pole sana mura. Msiba ni wa nani?"

Kesho yake asubuhi alifika mwenyewe, na fimbo. Alizunguka karakana akitafuta dalili za kianzio chake kilicholiwa: redio mpya, viatu, tumbo. Nikampeleka kwenye mbao. Nimezipanga chini ya paa, zimeinuliwa kutoka ardhini kwa matofali, na kati ya safu na safu nimeweka vijiti vya unene mmoja, kila futi mbili, kijiti juu ya kijiti mpaka juu. Vijiti visipolingana mstari, ubao unajifunza kupinda, na ubao ukishajifunza hausahau. Ncha nimezipaka rangi iliyobaki ili zisikauke haraka zikachanika. Juu nimelaza mawe.

"Kwa nini usizianike juani?" akauliza. "Jua la Juni hili, siku nne tu. Makopa ya muhogo yanakauka."

Nikamwambia makopa hayafungwi vitasa. Jua kali hukausha ngozi ya mbao na kuacha tumbo na maji. Ngozi inataka kupungua, tumbo linakataa, ubao unapasuka. Alitingisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani.

Kisha akaomba kalamu. Nilisahau kwamba alifundisha hesabu. "Zimebaki gramu 180," akasema, "na wiki iliyopita umepoteza 110. Kwa hiyo wiki mbili hazifiki. Mbona wewe umeandika tarehe 5 Julai? Hiyo wiki ya tatu ni ya nani?"

Swali zuri, na ndilo linalowaumbua mafundi wengi wanaotoa tarehe kwa furaha. Mbao haikauki kwa mwendo mmoja. Maji ya karibu na uso hutoka upesi, ya ndani hutoka kwa kubembelezwa. Kutoka 140 hadi 110 mwendo ulipungua kama robo. Ukiendelea kupunguza robo kila wiki unapata 82, halafu 62, halafu 46, na jumla yake ni 190. Wiki tatu, na gramu kumi za kubahatisha. Aliihakiki hesabu hiyo mara mbili, akaweka alama ya vema pembeni kwa mazoea. Milango minne nahitaji wiki tatu kuichonga na kuiunganisha. Wiki ya nne niliyoiweka kabla ya tarehe 2 Agosti hakuiuliza, nami sikuitaja. Hiyo ni ya mvua isiyo na msimu na ya mashangazi watakaofariki kweli.

Tukaingia kwenye faini. Alitaka 10,000 kwa siku. Nikasema kwa bei hiyo ndani ya mwezi mmoja milango itakuwa ya bure na mimi nitamdai pole. Tukashuka, tukapanda, tukasimama kwenye 7,000. Akataka iandikwe na tarehe mpya iandikwe, na sote tutie sahihi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mwenye kazi kumwongezea fundi muda, lakini neno la mdomo karakanani linavukizwa haraka kuliko maji ya paini, na karatasi hiyo inanilinda mimi pia: hawezi kuamka tarehe 28 Juni akasema nimevunja ahadi. Alikataa kutia sahihi hadi niongeze kwamba makombo ya mbao atachukua mama wa nyumbani kwake kwa ajili ya kabati la vyombo. Hilo halikuwemo kwenye hesabu ya gramu.

Fremu nilizipeleka tarehe 21, fundi wa plasta akaendelea, Mwalimu akapungua ukali. Lakini sasa ananichosha kwa upande mwingine. Kila Jumamosi asubuhi yuko dukani kabla yangu, miwani puani, kusimamia mizani isichakachuliwe. Ubao ukisoma 4.17 anaandika 4.17 kwenye daftari lake na kunisomea kwa sauti, ili wanaonunua sukari wasikie. Nikimwambia gramu chache ni kasoro ya mizani, anasema kasoro hiyo iko kwangu. Juzi alinipigia simu usiku kuniuliza kama nimeyaona mawingu ya upande wa Mugumu.

Jumamosi hii alikuja na jirani yake anayetaka kitanda cha futi tano kwa sita. Jirani akauliza kitakuwa tayari lini. Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu akamshika mkono.

"Usimuulize lini. Muulize mbao zake zina kilo ngapi."