Juu ya Basi, Ndani ya Teksi

Hakuna kitu kinachoniharibia jioni kama daftari la Kiingereza la mpwa wangu. Hesabu za darasa la saba bado nazimudu. Lakini ukifika ule ukurasa wa vihusishi, wa kujaza nafasi zilizo wazi kwa in, on au at, huwa naomba Mungu umeme ukatike.

Sisi wenyewe hatuna makuu. Nitakuja Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kihusishi hakuna hata kimoja, na mgeni anafika. Mwingereza hakubali. Kwake saa inataka at, siku na tarehe zinataka on, mwezi na mwaka vinataka in. Mpaka hapo sina ugomvi naye: nukta ya wakati ina chake, siku ina chake, kipindi kirefu kina chake. Vurugu inaanza jua likizama. Asubuhi, mchana na jioni zinachukua in, halafu usiku, ambao ni mrefu kuliko jioni mara kadhaa, unapewa at, eti nao ni nukta! Haya, tukubali. Sasa taja asubuhi ya Jumatatu uone: in inafukuzwa na on inaingia, kwa sababu siku ikishatajwa, yenyewe ndiyo inayotawala. Hata usiku ukiwa wa Jumamosi unaitupa at na kuifuata on. Ukimaliza kukariri hayo, sema Jumatatu ijayo au Jumatatu iliyopita. Hapo hakitakiwi kihusishi chochote! Mtoto aliyekariri vizuri kwamba siku ni on ndiye anayekosa, na yule mvivu aliyeacha wazi anapata.

Juzi mpwa wangu alipewa insha ya safari ya Tanga. Akataka kuandika kwamba walikuwa kwenye basi, nikamwambia aweke on. Akaacha kuandika.

"Mjomba, sisi tulikaa kwenye viti. Hatukukaa kwenye keria na matenga ya kuku."

Simlaumu. Amefundishwa kwamba on ni juu, kwa sababu kitabu kiko juu ya meza, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba on hiyohiyo hubeba abiria. Chombo cha abiria wengi, ambacho kwa kawaida mtu husimama na kutembea humo, kama basi, treni, meli au ndege, huchukua on. Teksi na gari dogo la nyumbani, unamojikunja ukaingia na kukaa papo hapo, huchukua in. Pikipiki ni on, na hiyo angalau ina haki yake, maana umeipanda kwelikweli. Akaniuliza kuhusu vile vidaladala ambamo mtu mrefu husafiri ameinama kama anarukuu. Hivyo pia ni on, nikamwambia, ila shingo haihusiki.

Tukafika Chalinze. Basi lilisimama Chalinze, kwa hiyo at. Shangazi yake anaishi Chalinze, kwa hiyo in. "Chalinze si ni moja, Mjomba?" Ni moja. Ila kwa dereva ni kituo tu katika njia ndefu, na kwa shangazi ni mji wenye soko, majirani na madeni. Hapa ndipo penye siri yote, na vitabu vingi vya shule vinaipita mbio: kihusishi hakifuati jina la mahali, kinafuata jinsi msemaji anavyopaona. Akipaona kama nukta, ni at. Akipaona kama uso wa kitu au mstari, kama barabara au mto, ni on. Akipaona kama chombo chenye ndani na nje, ni in. Kwa mtoto wa Kiswahili hili si geni, kwani kila siku anachagua kati ya yupo, yuko na yumo bila kufundishwa na mtu. Mradi asidhani zinalingana moja kwa moja na hizi tatu za Kiingereza, maana on haina pacha kwetu.

Ndiyo maana nina kesi na mtihani aliorudi nao wiki hii. Sentensi ni moja tu, haina mbele wala nyuma: mama yuko hospitali, weka kihusishi. Mtoto ameandika at, amekatwa kwa wino mwekundu, jibu eti ni in. Mama aliyelazwa wodini ni in. Mama aliyepeleka uji wa mgonjwa, au anayefanya kazi pale mapokezi, ni at. Swali halisemi ni mama yupi.

Mwalimu, nakuomba kwa heshima: ukitaka in peke yake, mlaze mama kwanza ndipo uulize. Vinginevyo mrudishie mtoto alama yake.