Daftari la Babu na Nukta ya Mende

Masika yale paa letu la Wete lilivuja juu ya kitanda cha Shangazi, na maji yakaingia kwenye sanduku alilolifunga kwa ufunguo tangu ujana wake. Ndani mlikuwa na kanga, hati ya nyumba na daftari la biashara la babu, aliyekuwa akinunua karafuu kavu sokoni na kuwakopesha wakulima nguo na mchele. Shemeji yangu, kwa nia njema, akavianika vyote juani. Shangazi alipoliona daftari limekunjamana juu ya jamvi alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Wino wa zamani wa kahawia haupendi jua, hupauka. Kurasa zilizolowa huhitaji kivuli na upepo, zikitenganishwa kwa karatasi safi. Tulipoliingiza ndani, baadhi ya mistari ilikuwa imefifia ikawa rangi ya majani makavu.

Ubaya ni kwamba wakati ule daftari lilikuwa linahitajika. Binti yangu alikuwa ameposwa na kijana wa nyumba ya jirani zetu wa shamba, na Shangazi alikuwa amekataa katakata. "Mwanangu, utamwoza kwa watu wanaotuita wezi?" aliniuliza. Ugomvi ulikuwa wa mikarafuu 25. Wao walisema babu yao aliiweka rehani kwa babu yetu kwa rupia 15, akalipa, lakini miti haikurudi. Sisi tulirithi maneno kwamba deni lilikuwa rupia 150 na halikulipwa. Kila msimu wa kuchuma, watu wa nyumba mbili walipishana njiani bila salamu.

Tukamwita mwalimu wa chuo, aliyezoea kusoma barua za kale za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakuanza kwa kusoma. Alipiga picha kila ukurasa, kisha akanakili mstari kwa mstari, na pale asipoona aliacha nafasi tupu, hakubahatisha.

Deni la jirani lilikuwa ukurasa wa mwaka 1353 wa Hijiria. Tarakimu ya moja na ya tano zilisomeka, na baada yake palikuwa na nukta. Kwa tarakimu hizo sifuri ni nukta tu, basi 15 na 150 hutofautiana kwa doa moja. Shangazi akasema, "Si hiyo sifuri? Hata ndugu zangu waliiona."

Mwalimu akafunga dirisha, akalaza kurunzi ya simu ubavuni mwa karatasi. Kalamu ya chuma hukwaruza, na mkwaruzo hubaki hata wino ukiondoka. Moja na tano zilikuwa na vijifereji vyake. Ile nukta ilikuwa imetuna juu ya karatasi: kinyesi cha mende.

Shangazi hakutosheka, na mimi naona alikuwa na haki, kwani macho ya mtu mmoja hayatoshi kwa mali ya watu. Mwalimu akashuka hadi chini ya ukurasa. Wadaiwa walikuwa watatu: 15, 22 na 6. Babu alikuwa ameandika jumla 43. Ingekuwa 150, jumla ingekuwa 178.

Kisha akafungua mwezi wa Mfungo Mosi 1354. Mwezi ule ndio shilingi ilipochukua nafasi ya rupia Unguja na Pemba, Januari 1, 1936, kila rupia ikihesabiwa shilingi moja na nusu. Jirani alikuwa amekwisha kulipa rupia 7 kwa karafuu, zikabaki 8, na babu akazihamisha kuwa shilingi 12. Hesabu ikakubali. Mwaka 1355 palikuwa na mstari wa mwisho: shilingi 12 zimepokewa, rehani imekwisha.

Babu alifariki muda mfupi baadaye. Wanawe waliona nukta ya ukurasa wa kwanza, hawakufika wa mwisho. Daftari la mdai linapokiri kwamba amelipwa, hakuna shahidi mwenye uzito kulishinda, maana ameandika dhidi ya mfuko wake mwenyewe.

Shangazi alinyamaza mpaka adhana ya alasiri. Kisha akaomba baibui yake, akasema, "Nipelekeni kwao. Nitakwenda mwenyewe."

Tulikwenda na nakala mbili, moja yao na moja yetu. Mzee wao alisikiliza mstari baada ya mstari, akauliza kuhusu jumla ya 43, akaihesabu mwenyewe kwa vidole. Tuliomba radhi kwa mavuno ya miaka yote ile, nao wakasamehe mbele ya sheha. Katika mikarafuu 25, 14 ingali hai na imerudi kwao. Ile 11 iliyokufa tunaipanda upya kwa miche yetu, na ndoa ya watoto itafungwa baada ya kuchuma.